Jinsi ya kumwandikia mwanafunzi wa udaktari mrejesho baada ya wasilisho dhaifu wodini

Kila kundi jipya la wanafunzi likija Malindi kwa mafunzo ya wodini, ikifika wiki ya pili hivi madaktari wadogo huanza kunifuata na swali lile lile. Mwanafunzi amewasilisha mgonjwa vibaya mbele ya raundi nzima, na sasa ameleta fomu ya potfolio anataka ijazwe. "Daktari, nimwandikie nini?" Wengine huwa wameshaandika: "Ajitahidi zaidi, asome." Wengine wamemhurumia wakaandika "Vizuri" wakatia sahihi. Hakuna kati yao aliyemwandikia kitu cha kumfaa.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kwa mfano mmoja kuanzia raundi hadi sahihi. Mgonjwa na mwanafunzi nimewabadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike. Fomu zetu hujazwa kwa Kiingereza, kama raundi yenyewe inavyoendeshwa. Hapa naandika kwa Kiswahili, na utaona mbele kwamba hilo la lugha lilikuwa sehemu ya tatizo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Maneno aliyoyasema mwanafunzi, uliyoyaandika wakati wa raundi. Kumbukumbu ya jioni haitoshi.
- Daftari lake la mgonjwa huyo. Mwombe alilete.
- Fomu yenyewe. Nyingi zina visanduku vitatu: kilichofanyika vizuri, cha kurekebisha, na hatua mliyokubaliana.
- Mwaka wake wa masomo. Wa mwaka wa nne hatarajiwi kufanya kama intani.
- Dakika ishirini, na mahali ambapo hapiti mtu. Korido si mahali.

Hatua ya 1: Andika maneno yake, usiandike hukumu yako

Mimi hubeba kijidaftari cha mfukoni. Mwanafunzi akianza naandika saa, akimaliza naandika saa, na katikati naandika sentensi zake tatu nne kama zilivyomtoka. Siku ile niliandika hivi:

*3:10 kaanza. "Ana shida ya usingizi." "Oksijeni 96, iko sawa" (hakusema yuko kwenye mrija wa lita 4, usiku kabla ya mrija ilikuwa 89). Kaacha dawa za presha miezi miwili, yeye peke yake ndiye aliyeuliza! Nimonia, TB, pumu, upungufu wa damu, moyo. "Inaweza kuwa chochote." Hana mpango. 3:24 kamaliza.*

Basi, ni hayo tu. Hakuna "alibabaika", hakuna "hakujiandaa". Kubabaika ni tafsiri yangu, na kutojiandaa sikukuona kwa macho, huenda alikesha. Ukiandika tafsiri, mwanafunzi atabishana nawe. Ukiandika maneno yake mwenyewe, mnakuwa na kitu kimoja cha kutazama pamoja.

Hatua ya 2: Msikilize kabla hujashika fomu, siku ile ile

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo mrejesho huharibika. Wasilisho dhaifu ni dalili, kama homa. Linaweza kutokana na kutojua, kutochunguza, kushindwa kupanga, au woga tu. Kila sababu ina dawa yake, na kwa nje zote huonekana sawa: mtu anasoma daftari kwa sauti ya chini huku wenzake wakitazama viatu.

Mgonjwa alikuwa mwanamume wa miaka 58, aliyeletwa usiku akihema. Presha 178 kwa 104, mapigo 112, pumzi 28 kwa dakika, miguu imevimba. Mwanafunzi alitumia dakika kumi za mwanzo kwenye historia, akaanza na magonjwa ya utotoni. Kila aliyesimama pale aliona kwamba hajui lililo muhimu.

Baada ya raundi nilimketisha chumba cha nyuma nikamuuliza maswali mawili. La kwanza: "Mgonjwa alikwambia nini hasa kuhusu usingizi?" Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili, neno kwa neno: *Nikilala chali naona kama nazama. Nalala nimekaa kibarazani, nimeegemea ukuta.*

Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo. Akajibu, "Daktari, niliona si lugha ya wodini."

Kumbe alikuwa na sentensi nzito kuliko zote katika historia ile. Mtu ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu, akilala, maji yaliyotuama miguuni hurudi kwenye mishipa, damu huongezeka kifuani na mapafu hulemewa. Akikaa hupata nafuu. Mgonjwa alieleza hilo vizuri kuliko kitabu, mwanafunzi akalisikia, akaliandika, halafu alipoligeuza kuwa lugha ya raundi likawa "shida ya usingizi", kitu ambacho hata mwenye mbu chumbani anacho.

Swali la pili: "Ungepewa sentensi moja tu, ungesemaje?" Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanamume wa miaka 58, mgonjwa wa presha aliyeacha dawa miezi miwili, wiki tatu sasa pumzi zinambana na hawezi kulala chali. Nafikiri moyo unashindwa."

Alijua. Kwa hiyo ningemwandikia "asome zaidi kuhusu magonjwa ya moyo" ningekuwa nimempa quinini mtu asiye na malaria.

*Onyo:* usimuulize "Unaonaje ulivyofanya?" ukaishia hapo. Atasema "vibaya" ili umalize haraka. Uliza juu ya sentensi moja maalumu.

Hatua ya 3: Chagua kasoro moja inayobeba nyingine

Kwa ajili ya hatua hii nadharia moja inatosha. Mwaka 1999 Louis Pangaro, daktari Mmarekani, alipendekeza tuwaeleze wanafunzi kwa ngazi nne: anayetoa habari, anayefasiri, anayepanga matibabu, na anayejifunza na kufundisha wengine. Faida yake ni kwamba inakulazimisha kusema mwanafunzi amekwama wapi, badala ya kumpa "wastani".

Huyu wetu alikusanya habari vizuri. Alikwama kwenye kivuko cha kuingia kwenye kufasiri: hakusema kipi ni kizito na kwa nini. Tazama kasoro zake nyingine sasa. Dakika kumi na nne, kwa sababu kila kitu kilikuwa na uzito sawa. Oksijeni 96 "iko sawa", kwa sababu tarakimu ilisomwa bila kuulizwa imepatikana vipi. Magonjwa matano bila mpangilio. Kukosa mpango, maana huwezi kupanga kitu ambacho hujakitaja. Zote zinaning'inia kwenye msumari mmoja.

Kwa hiyo kwenye fomu ninaandika kasoro moja, na kuieleza kwa mifano miwili. Sauti ya chini, kusoma daftari, kusimama akiwapa mgongo wauguzi, hayo nilimwambia kwa mdomo na yakaishia pale. Ukiorodhesha kasoro tisa, mwanafunzi huchagua iliyo rahisi. Wiki ijayo atakuja na sauti kubwa, na bado atasema "inaweza kuwa chochote".

Hatua ya 4: Andika jambo zuri ambalo lilibadilisha kitu

Simaanishi sukari ya kufunika shubiri. "Ana adabu na huvaa nadhifu" haina kazi, na mwanafunzi hujua mara moja kwamba ndipo unapochukua mwendo wa kumpiga. Tafuta kitu alichofanya ambacho kisingefanyika, matibabu ya mgonjwa yangekuwa tofauti.

Hapa kilikuwepo. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza kuhusu dawa za presha. Yeye aliuliza, na akaendelea hadi akajua kwamba mzee aliziacha kwa sababu zilimfanya akojoe mara kwa mara akiwa kazini, juu ya jahazi analolitengeneza. Habari hiyo ndiyo iliyotufanya tupange dawa za kwenda nazo nyumbani kwa namna nyingine, ya kukojoza ikahamishiwa saa ambayo hayuko kazini. Andika hivyo: alifanya nini, na kilisaidia nini.

Kama kweli hakuna kitu, acha kisanduku kifupi. Usibuni.

Hatua ya 5: Andika kasoro kwa vipande vitatu

Kilichotokea, athari yake, na namna ambavyo kingesemwa. Kipande cha tatu ndicho kinachosahauliwa, na ndicho mwanafunzi atakachorudia kukisoma. Linganisha.

Hii haifai: *"Wasilisho refu, halina mpangilio. Ashindwa kutofautisha magonjwa. Ajifunze kufupisha."*

Mwanafunzi akisoma hii mwezi ujao hajui afupishe nini. Anayesimamia potfolio kule chuoni, ambaye hakuwepo, hajui kama huyu ni wa kuhofiwa au la.

Hii ndiyo niliyoandika:

> *Kilichofanyika vizuri.* Aliuliza kuhusu matumizi ya dawa kwa undani ambao timu haikuwa nao, akagundua kwamba mgonjwa aliacha dawa za presha miezi miwili na sababu yake. Jambo hilo lilibadilisha mpango wa dawa za kuruhusiwa nazo.
>
> *Cha kurekebisha.* Kusema kipi ni kizito. Mgonjwa alimweleza kwamba akilala chali anahisi kuzama na hulala ameketi. Kwenye raundi hili lilisemwa kama "shida ya usingizi". Oksijeni ilitajwa kuwa 96 na sawa, bila kusema mgonjwa yuko kwenye mrija wa lita 4. Bila oksijeni ilikuwa 89. Kwa hiyo wasikilizaji hawakujua kwamba mgonjwa ana hali mbaya, wala kwamba dalili zinaelekea kwenye moyo, na magonjwa matano yalitajwa kwa uzito sawa. Baada ya raundi, alipoombwa sentensi moja, aliitoa sahihi: "Mwanamume wa miaka 58, mgonjwa wa presha aliyeacha dawa miezi miwili, wiki tatu sasa pumzi zinambana na hawezi kulala chali, nafikiri moyo unashindwa." Sentensi hiyo ingekuwa ya kwanza kwenye raundi.

Ona nimetumia maneno yake mwenyewe kama mfano wa kufuata. Hilo silipati kila mara, lakini ukilipata litumie, kwa sababu linaonyesha kwamba uwezo upo na kilichokosekana ni mpangilio. Ona pia hakuna neno la tabia: hakuna "mwoga", "mvivu", "hajiamini". Hayo huandikwa kwa sekunde moja na kumfuata mtu kwa miaka.

*Onyo kuhusu "lakini".* "Historia nzuri, lakini..." hufuta kilichotangulia. Weka nukta, anza kisanduku kingine.

Hatua ya 6: Hatua ya kufanya iwe na idadi, siku na msikilizaji

"Afanye mazoezi ya kuwasilisha" ni matumaini tu. Sisi tulikubaliana hivi, na nikaandika:

> *Hatua.* Kwa wagonjwa watatu watakaofuata, ataandika sentensi ya ufunguzi kabla ya raundi: umri, ugonjwa unaojulikana, kilichomleta na muda wake, na dalili moja inayobeba uzito kwa maneno ya mgonjwa. Atataja oksijeni pamoja na namna ilivyopimwa. Atataja magonjwa matatu tu. La kwanza alipe sababu mbili za kuliunga mkono na moja ya kulipinga. Wasilisho lisizidi dakika tano. Nitamsikiliza mwenyewe Alhamisi.

Ile sababu moja ya kupinga usiiache. Bila hiyo wanafunzi hushika ugonjwa wa kwanza wakaung'ang'ania. Kwa mzee huyu, dhidi ya moyo angesema: joto la mwili ni la kawaida na hana makohozi, kwa hiyo nimonia inashuka, lakini picha ya eksirei ya kifua haijarudi, kwa hiyo nimonia bado haijaondoka.

Na Alhamisi uwepo. Usipokuwepo, fomu ile ni karatasi.

Hatua ya 7: Mwondoe mgonjwa, msome pamoja, mtie sahihi

Soma tena ukijiuliza kama jirani wa mgonjwa angemtambua. Huku kwetu jina si lazima. Andika "fundi wa jahazi wa miaka 58 aliyelazwa Jumanne" na kabla ya swala ya alasiri mtaa mzima unajua ni nani. Kwenye fomu yangu kazi yake haimo, wala kitanda, wala namba ya kulazwa, wala kijiji. Umri niliuacha kwa kuwa una kazi katika sentensi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, na potfolio hupita mikononi mwa watu wengi.

Kisha msomee mwanafunzi kwa sauti na umpe nafasi ya kurekebisha ukweli. Huyu alinirekebisha: nilikuwa nimeandika kwamba mgonjwa alihisi kuzama kwa wiki moja, naye akanionyesha daftari, ni wiki tatu. Nikafuta, na sahihi zikafuata.

Ikienda mrama

*Analia.* Simamisha kuandika. Sista mmoja wa wodi yetu alinifundisha hili: alinishika mkono akasema, "Daktari, mpe maji kwanza, maneno yatakungoja." Mazungumzo yanaweza kuahirishwa hadi kesho asubuhi. Ila maneno uliyoyanukuu yaandike leo.

*Anakataa kwamba alisema hivyo.* Usishindane. Mwombe awasilishe mgonjwa yule yule tena, wewe na yeye tu, dakika tano. Mara nyingi sentensi hurudi vile vile na anaisikia mwenyewe. Akibaki na mtazamo wake, aandike maoni yake kwenye fomu, nawe utie sahihi chini yake.

*Wewe ndiye uliyemkatiza mara sita.* Hutokea, na mimi nimefanya. Basi huna wasilisho la kutolea mrejesho. Mwambie hivyo, mpe mgonjwa mwingine, usijaze fomu kwa lile la kwanza.

*Kulikuwa na hatari kwa mgonjwa.* Kama alisema presha ni ya kawaida na hakuipima, au alibuni uchunguzi ambao hakuufanya, hilo si la kisanduku cha "cha kurekebisha". Kwanza mgonjwa apimwe upya papo hapo. Halafu ongea na mwanafunzi, kisha na msimamizi wake wa chuo moja kwa moja, na mwambie mwanafunzi kwamba unafanya hivyo. Usimvizie kupitia potfolio. Ila tofautisha: yule wa oksijeni 96 aliipima kweli, akakosa kusema hali yake. Hakudanganya.

*Alhamisi imefika na bado ni vibaya.* Angalia kama ni kasoro ile ile. Wetu alirudi na dakika saba badala ya tano, sentensi ya kwanza safi, magonjwa matatu, lakini mpango ukawa "aendelee na matibabu". Hiyo ni kasoro ya ngazi inayofuata, na fomu mpya iseme hivyo wazi: la kwanza limetekelezwa, sasa ni mpango. Kama ingekuwa ile ile bila mabadiliko, ningebadilisha njia. Ningemfanya asikilize mwenzake akiwasilisha huku yeye akiandika sentensi ya ufunguzi kwa ajili yake.

*Anakuletea fomu wiki tatu baadaye, kwa simu, usiku, na mwisho wa kuijaza ni kesho.* Fungua kijidaftari. Ukikuta maneno yake, andika kutoka humo na utaje tarehe ya raundi. Usipokuta, mjibu kwamba huna cha kuandika kuhusu siku hiyo, na umpe saa ya kuja wodini asubuhi akuwasilishie mgonjwa mwingine.